Kadirio la kodi la duka lenye mauzo ya milioni 150: kutoka faida hadi awamu nne

*Habari za kazi kaka. Nina duka la vifaa vya umeme Dodoma, biashara ni ya kwangu mwenyewe, sina kampuni. Mauzo yalipozidi milioni 100 TRA walinihamishia kwenye mfumo wa hesabu, na sasa natakiwa nipeleke kadirio la kodi la mwaka. Mwaka huu nategemea kuuza milioni 150, kununua bidhaa za milioni 124, kurejesha mkopo milioni 5.4, na matumizi mengine ya duka milioni 11.8. Mimi mwenyewe najilipa mshahara wa laki 5 kwa mwezi. Nikitoa vyote hivyo nabaki na milioni 2.8, ambayo naona haifikii hata kiwango cha kutozwa kodi. Lakini jirani yangu mwenye duka ananiambia faida yangu ni milioni 17, na kodi ni asilimia 30, yaani milioni 5.1. Nani yuko sahihi? Nina kirikuu ya kubebea mzigo, nilinunua mwaka jana kwa milioni 14, inafanya kazi ya duka tu. Pia mwaka jana nilitengeneza rafu na kaunta kwa milioni 4.*

Salama dada. Kwa takwimu ulizonipa, kodi yako ya mwaka ni shilingi 1,920,375. Jirani yako amepatia faida, lakini amekosea kodi. Wewe umetoa vitu vitatu ambavyo sheria haikuruhusu kuvitoa, kisha ukasahau kimoja ambacho imekuruhusu. Nitaanza na hiyo milioni 2.8 yako na kuifuata hatua kwa hatua mpaka tufike kwenye kiasi utakacholipa mwezi Machi. Nikikupa jibu tu bila njia, mwakani utarudi pale pale.

Tuanze na mshahara wako. Laki 5 kwa mwezi ni milioni 6 kwa mwaka, na umeiweka kama gharama. Mtu mwenye biashara yake binafsi hawezi kujiajiri mwenyewe. Wewe na duka mbele ya sheria ni mtu mmoja, TIN moja, kwa hiyo fedha unayotoa dukani kwa ajili ya matumizi yako ni faida uliyokwisha kuipata na kuitumia. Kama ungekuwa na kampuni iliyosajiliwa, kampuni ingekulipa mshahara, ingekata PAYE, na mshahara ule ungekuwa gharama halali ya kampuni. Huna kampuni, basi milioni 6 zinarudi kwenye faida. Hapo tumetoka 2.8 tumefika 8.8.

La pili ni mkopo. Unarejesha milioni 5.4 kwa mwaka, lakini marejesho hayo yana sehemu mbili ambazo lazima uzitenganishe. Ulipokopa, fedha ile haikuwa mapato yako na hukuilipia kodi. Kwa sababu hiyo hiyo, unapoirudisha haiwi gharama. Kinachohesabika kuwa gharama ni riba peke yake, na ni pale tu mkopo ulipotumika kwenye biashara. Nenda benki uombe jedwali la marejesho ya mkopo wako. Litaonyesha kila mwezi kiasi gani ni riba na kiasi gani ni mtaji wa mkopo. Sina jedwali lako mkononi, kwa hiyo katika hesabu hii nachukulia kwamba riba ya mwaka huu ni milioni 1.2, na milioni 4.2 zilizobaki ni mtaji. Ukilipata jedwali halisi weka tarakimu zake mahali pa hizi. Milioni 4.2 zinarudi kwenye faida, nasi tumefika 13.0.

La tatu ndilo linalowachanganya wenye maduka wengi kuliko yote, nalo ni bidhaa. Umetoa manunuzi yote ya milioni 124 kwenye mauzo ya milioni 150. Lakini si kila ulichonunua mwaka huu utakiuza mwaka huu. Sehemu itabaki kwenye rafu tarehe 31 Desemba, na bidhaa iliyobaki ni mali yako bado, si gharama. Vivyo hivyo, kuna bidhaa ulizoanza nazo Januari ambazo zilinunuliwa mwaka jana na zitauzwa mwaka huu. Gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana hivi:

Bidhaa za kuanzia mwaka + manunuzi ya mwaka − bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka

Hukuniambia thamani ya bidhaa zako, lakini ukitoa milioni 124 kwenye 150, kisha matumizi yako, huwezi kufika kwenye milioni 17 za jirani. Yeye lazima ameweka ongezeko la bidhaa la milioni 4. Kwa mfano, uwe ulianza Januari na bidhaa za milioni 21, na unategemea kumaliza mwaka ukiwa na za milioni 25. Basi 21 jumlisha 124 toa 25 ni milioni 120. Hiyo ndiyo gharama ya ulichouza, wala si 124. Milioni 4 zimekaa kwenye rafu. Unaziona zimetoka mfukoni na kweli zimetoka, ndiyo maana mwenye duka anayekua huwa na faida kwenye karatasi huku hana fedha kwenye droo. Sheria inatoza faida, haiangalii droo. Ongeza milioni 4, nasi tumefika milioni 17.

Sasa nikuandikie hesabu ile ile kwa mpangilio ambao afisa wa TRA ataupokea. Matumizi yako ya milioni 11.8 nimeyagawa kwa namna inayofanana na duka la ukubwa wako, nawe utabadilisha pale penye tofauti.

Mauzo: 150,000,000
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 120,000,000
Faida ghafi: 30,000,000

Pango la fremu, laki 4 kwa mwezi: 4,800,000
Mshahara wa msaidizi, 250,000 kwa mwezi: 3,000,000
Michango ya mwajiri NSSF na WCF: 315,000
Umeme, simu na intaneti: 900,000
Mafuta na matengenezo ya kirikuu: 2,400,000
Leseni, usafi na tozo za halmashauri: 385,000
Riba ya mkopo: 1,200,000
Jumla ya gharama: 13,000,000

Faida kabla ya uchakavu: 17,000,000

Nisimame kidogo kwenye pango, maana lina mtego wake. Unapopanga fremu kwa ajili ya biashara, unatakiwa uzuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Katika milioni 4.8, mwenye nyumba anapokea 4,320,000 na TRA inapokea 480,000. Gharama yako inabaki milioni 4.8 kamili. Wapangaji wengi humlipa mwenye nyumba fedha yote, kisha TRA inapokuja kukagua inawadai wao ile laki 4 na elfu 80 pamoja na riba. Zungumza na mwenye fremu kabla ya kulipa, si baada.

Kwenye matumizi hayo usichanganye faini ya aina yoyote, ada za shule za watoto, wala kodi ya mapato yenyewe uliyolipa kwa awamu. Hiyo ya mwisho naiona sana: mtu analipa awamu ya Machi, anaiandika kwenye daftari la matumizi, na mwisho wa mwaka anaitoa kwenye faida. Kodi ya mapato si gharama ya kupata mapato.

Hapa ndipo jirani yako alipoishia. Alichukua milioni 17 akazidisha kwa asilimia 30. Ameruka mambo mawili, uchakavu na madaraja ya kodi, na kila moja lina fedha nyingi ndani yake.

Kirikuu uliyonunua milioni 14 hukuiona kwenye orodha ya matumizi, na ni sawa isionekane pale, kwa kuwa ni mali itakayokutumikia miaka kadhaa. Gharama yake unaitoa kidogo kidogo kila mwaka kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato. Viwango hivyo havitegemei wewe au mhasibu wako mnavyoona gari linavyochakaa. Mhasibu anaweza kuandika kwenye vitabu vyako kwamba gari litadumu miaka 5 na kukata milioni 2.8 kila mwaka. Hiyo ni ya vitabu, na kwenye hesabu ya kodi inaondolewa yote na kuwekwa ya sheria.

Sheria imezigawa mali katika makundi. Kundi la kwanza lina kompyuta, magari madogo na magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7, kwa hiyo kirikuu yako imo humo, na kiwango chake ni asilimia 37.5 kwa mwaka. Rafu, kaunta na samani nyingine ziko kundi la tatu, kwa asilimia 12.5. Katika makundi haya mawili asilimia hupigwa kwenye thamani iliyobaki, si kwenye bei ya kununulia kila mwaka. Wengi hukosea hapo: wanapiga 37.5 ya milioni 14 mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili wanapiga tena 37.5 ya milioni 14.

Kwa kirikuu, mwaka jana uchakavu ulikuwa 37.5 ya milioni 14, yaani 5,250,000, ikabaki thamani ya 8,750,000. Mwaka huu unapiga 37.5 ya hiyo 8,750,000 na kupata 3,281,250. Kwa rafu na kaunta, mwaka jana ilikuwa 12.5 ya milioni 4, yaani 500,000, ikabaki 3,500,000. Mwaka huu ni 437,500. Jumla ya uchakavu wa mwaka huu ni 3,718,750.

Umesema kirikuu inafanya kazi ya duka tu, nami nimelishika neno hilo kwa sababu hesabu nzima ya uchakavu imesimama juu yake. Mali inayopewa uchakavu ni ile inayotumika kwa biashara pekee. Gari likianza kubeba watoto shuleni na familia Jumapili, afisa ana sababu ya kuuliza, na jibu lako litapimwa kwa vitu kama risiti za mafuta za siku ambazo duka limefungwa. Utahitaji pia kuonyesha kadi ya gari kwa jina lako na risiti au mkataba wa kununulia. Kirikuu nyingi hununuliwa mkononi kwa mtu, bila karatasi yenye bei. Kama yako ni hivyo, tafuta mkataba wa mauziano na ushahidi wa malipo ya benki au ya simu, maana bila bei iliyothibitishwa hakuna pa kuanzia kupiga hiyo asilimia.

Toa 3,718,750 kwenye 17,000,000. Mapato yanayotozwa kodi ni 13,281,250.

Sasa madaraja. Asilimia 30 ambayo jirani yako anaitaja ni kiwango cha kampuni, na kwa mtu binafsi ni kiwango cha daraja la juu kabisa tu. Mtu binafsi mkazi wa Tanzania Bara hutozwa kwa ngazi: kila kipande cha mapato kinatozwa kiwango chake, na kuingia daraja la juu hakubadilishi kodi ya vipande vya chini. Hakuna fomu ya kuomba msamaha wa mtu binafsi kama ilivyo kwa baadhi ya nchi. Msamaha wako umo ndani ya daraja la kwanza, ambalo kiwango chake ni sifuri. Kipande cha pili kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8 mwaka 2021, kwa hiyo ukikutana na jedwali lenye 9, ni la zamani.

Milioni 13.28 zako zinakatwa vipande hivi:

3,240,000 za kwanza kwa asilimia 0: sifuri
3,000,000 zinazofuata kwa asilimia 8: 240,000
2,880,000 zinazofuata kwa asilimia 20: 576,000
2,880,000 zinazofuata kwa asilimia 25: 720,000
1,281,250 zilizobaki, juu ya milioni 12, kwa asilimia 30: 384,375
Jumla ya kodi: 1,920,375

Mipaka ya madaraja kwa mwaka ni 3,240,000, 6,240,000, 9,120,000 na 12,000,000. Ukitaka njia ya mkato kwa mtu aliyevuka milioni 12, chukua 1,536,000, ambayo ndiyo kodi ya milioni 12 za kwanza, kisha ongeza asilimia 30 ya kilichozidi. Utapata jibu lile lile, na ni namna nzuri ya kuhakiki ulichoandika.

Angalia sasa fedha za jirani yako zilipotelea wapi. Milioni 17 zingepita kwenye madaraja bila kutoa uchakavu, kodi ingekuwa 3,036,000. Kwa hiyo kuruka madaraja peke yake kungekupandishia kodi kwa zaidi ya milioni 2, na kusahau uchakavu kungeongeza 1,115,625 nyingine. Ungelipa milioni 5.1 bila mtu yeyote kukudhulumu. Ni wewe mwenyewe ungekuwa umeandika hivyo kwenye fomu.

Nawe ungepeleka ile milioni 2.8 yako, ungekadiriwa kodi sifuri, na ungefurahi hadi mwaka unaofuata. Shida ni kwamba mauzo yako yote yanapita kwenye mashine ya EFD, na TRA wanayaona. Duka la milioni 150 lenye faida ya milioni 2.8 ni karibu asilimia 2 ya mauzo, na faili la namna hiyo huitwa mapema.

Kadirio linapelekwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, yaani hadi tarehe 31 Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Unaingia kwenye akaunti yako ya mtandao ya TRA, unajaza kadirio, unapata namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Gawanya 1,920,375 kwa 4, awamu ya kwanza ni 480,094.

Awamu zinazofuata si lazima zifanane na ya kwanza, na hapa kuna haki ambayo wauzaji wengi wa vifaa vya umeme hawaitumii. Ukiuza bidhaa kwa halmashauri au taasisi ya serikali, wanazuia asilimia 2 ya malipo. Watu huihesabu kama fedha iliyopotea, kumbe ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema. Tuseme mwezi Mei unaiuzia halmashauri taa na waya za milioni 12. Watazuia 240,000 na kukupa cheti cha zuio. Mwezi Juni hesabu inakuwa hivi:

(kodi ya mwaka − uliyokwisha lipa − iliyozuiwa) ÷ awamu zilizobaki

1,920,375 toa 480,094 toa 240,000 ni 1,200,281. Awamu zilizobaki ni 3, kwa hiyo Juni unalipa 400,094 badala ya 480,094, na Septemba na Desemba zitashuka vivyo hivyo. Sharti ni hicho cheti. Usiondoke kwa mhasibu wa halmashauri na ahadi, kwani miezi sita baadaye aliyekuahidi anaweza kuwa amehamishwa kituo.

Sasa niseme juu ya udhaifu wa kadirio hili, kwa sababu lina sehemu moja laini. Ukikadiria kodi chini ya asilimia 80 ya kodi halisi itakayopatikana mwisho wa mwaka, unatozwa riba kwa kukadiria chini. Asilimia 20 inasikika kama nafasi kubwa, lakini kwako si kubwa. Kadirio lako la 1,920,375 ni asilimia 80 ya kama 2,400,000. Tofauti ni 480,000 ya kodi, na kwa kuwa kila shilingi inayoongezeka kwako sasa inaangukia daraja la asilimia 30, ongezeko la faida linalozidi milioni 1.6 kidogo tu linatosha kukutoa nje ya uvumilivu huo. Kwenye mauzo ya milioni 150, milioni 1.6 ni kosa dogo sana.

Na kosa hilo mara nyingi litatoka kwenye hesabu ya bidhaa zilizobaki. Nimeweka milioni 25. Ukihesabu Desemba ukakuta ni milioni 27, faida imeongezeka milioni 2 na kodi 600,000, hata kama mauzo na manunuzi yametoka kama ulivyopanga. Kwa hiyo usikisie. Hesabu bidhaa zako angalau mwisho wa Juni na mwisho wa Septemba, kabla ya kulipa awamu. Ukiona mwelekeo umebadilika, peleka kadirio la marekebisho kwenye akaunti ile ile ukieleza sababu, na awamu zilizobaki zitajipanga upya. Unaweza kurekebisha kwenda juu au kwenda chini. Mvua zikikata barabara ukauza kidogo, si lazima uendelee kulipa kwa kadirio la Machi.

Kuhesabu kwenyewe kuna kanuni mbili. Kwanza, kila bidhaa iandikwe kwa bei uliyonunulia, si unayouzia. Roli ya waya uliyonunua 150,000 na unayoiuza 190,000 inaandikwa 150,000, na kama imebaki nusu, pima mita zilizobaki uandike nusu ya bei ya kununulia. Ukiiandika kwa 190,000 unakuwa umejitoza kodi ya faida ambayo bado hujaipata. Pili, bidhaa iliyoshuka thamani chini ya bei ya kununulia, kama zile taa za mtindo wa zamani ambazo hakuna anayeziulizia, inaandikwa kwa bei ya soko ya sasa. Ziweke kwenye karatasi ya peke yake, andika aina, idadi, bei uliyonunulia na bei unayoweza kuziuza leo, na kama umeziuza chache kwa bei ya kutupa, ambatisha risiti zake. Bila karatasi hiyo, maneno kwamba bidhaa zimekufa hayatapokelewa.

Jambo jingine linaloweza kuiangusha hesabu hii ni risiti za manunuzi. Umesema manunuzi ni milioni 124. Swali la afisa litakuwa: ziko wapi risiti za EFD zenye TIN yako? Wengi wanaochukua mzigo Kariakoo hupewa bei mbili, ya kwenye risiti na ya bila risiti, nao huchukua ya pili kwa kuona wameokoa. Piga hesabu. Tuseme milioni 10 kati ya manunuzi yako hazina risiti na zimekataliwa. Mapato yanayotozwa yanapanda kutoka 13,281,250 hadi 23,281,250, na kwa kuwa zote zinaingia daraja la asilimia 30, kodi inaongezeka milioni 3 kamili. Muuzaji angekupunguzia asilimia 10, ungekuwa umeokoa milioni 1 na kupoteza milioni 3, bado riba na adhabu. Taja TIN yako kabla mashine haijatoa risiti, na isome hapo hapo kaunta. Tarakimu moja ikikosewa, risiti hiyo si yako.

Mwaka ukiisha, una hadi tarehe 30 Juni kupeleka ritani ya mwisho, yenye tarakimu halisi badala ya za kukadiria. Hapo kodi halisi inalinganishwa na awamu zako nne pamoja na vyeti vya zuio. Ikipungua unaongezea, ikizidi unaomba ziada ihesabiwe kwako. Ni vyema hesabu hizo ziandaliwe na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, na umtafute mapema, maana mwezi Juni wote wamejaa.

Katika siku hiyo ya kufunga hesabu kuna tarakimu mbili za kuandika pembeni: kirikuu imebaki na thamani ya 5,468,750, na rafu na kaunta 3,062,500. Hizo ndizo utakazoanzia mwakani. Usinakili kadirio la mwaka huu, hata kama biashara itakuwa ile ile kabisa. Uchakavu wa mwakani utakuwa kama 2,433,600 badala ya 3,718,750, kwa sababu thamani iliyobaki imepungua. Faida inayotozwa itapanda kwa takriban 1,285,000 bila wewe kuuza hata balbu moja zaidi, na kodi itaongezeka kama 385,500.